Umebadilisha seli moja, betri imezidi kuzima: kwa nini?

"Kaka, nimepigwa," kinyozi mmoja wa Mikindani aliniambia kabla hata hajakaa. Alikuwa na betri ya sola ya lithiamu, volti 12, ampea-saa 100, inayoendesha mashine mbili za kunyolea, feni, taa na chaji za simu pale umeme unapokatika. Ilikuwa imechoka. Fundi akaifungua, akapima, akamwonyesha kwamba seli moja kati ya nne ndiyo mbovu, nyingine tatu bado zina nguvu. Seli mpya ikaagizwa Dar, ikaja kwa basi, ikafungwa. Kabla ya hapo betri ilimfikisha muda wa kama saa sita. Baada ya matengenezo ikawa inazima baada ya saa nne na nusu. Na kila inapozima, programu ya BMS, bodi ya ulinzi ya betri, kwenye simu yake inaonyesha kwamba seli iliyokwisha ni ile mpya.

Kwa hiyo hitimisho lake lilikuwa jepesi: ameuziwa seli feki. Nimeshasikia kisa hikihiki kwa wenye maduka ya vinywaji Mtwara mjini na kwa mtu wa Lindi mwenye studio ya picha, na karibu kila mara lawama huishia kwa muuzaji. Wapo wauzaji wa seli feki, sikatai. Lakini seli ya kinyozi wetu ilikuwa nzima kabisa. Ndiyo iliyokuwa nzima kuliko zote.

Ili tuelewane, tuanze na maneno machache. Seli ni chombo kimoja cha kuhifadhi umeme. Seli ya lithiamu ya aina inayotumika zaidi kwenye sola, ile yenye madini ya chuma na fosfeti, ina volti 3.2 hivi. Ikijaa kabisa kwenye chaji hufika 3.65, na ikishuka hadi 2.5 imekwisha. Ukitaka betri ya volti 12 unapanga nne kwa mfululizo, yaani chanya ya moja inaungwa na hasi ya inayofuata. Ampea-saa ni ujazo, kama lita za dumu. BMS ni bodi ndogo ya ulinzi iliyomo ndani. Inaangalia kila seli peke yake, na seli moja tu ikigusa 3.65 inakata chaji. Moja tu ikishuka hadi 2.5 inakata matumizi. Haijali zile tatu nyingine zina hali gani.

Shika neno hilo la mfululizo, maana ndilo lenye kisa chote. Seli zilizopangwa hivyo hupitisha mkondo mmoja. Ampea-saa moja ikitoka, imetoka kwenye kila seli kwa kiasi kilekile, na ikiingia imeingia hivyohivyo. Hakuna seli yenye nguvu inayoweza kumbebea mwenzake.

Fikiria watu wanne, kila mmoja na dumu lake la maji. Sharti ni kwamba wote wachote kikombe kimoja kwa wakati mmoja, na dumu la mmoja likikauka, mchezo umesimama hata kama wengine wamebaki na nusu. Wakati wa kujaza sharti ni lilelile: kila mtu anamimina kikombe kimoja, na la kwanza likifurika wote wanaacha.

Sasa tuingize vipimo vya betri ya Mikindani. Baadaye tulizipima seli zake mojamoja. Zile tatu za zamani zilikuwa zimeshuka kutoka 100 hadi ampea-saa 78, 80 na 81. Ile mbovu iliyotolewa ilibaki na 52. Kwa hiyo kabla ya matengenezo betri nzima ilikuwa ya 52, kwa sababu dumu dogo ndilo linalosimamisha mchezo. Mpya ilikuwa na 100 kamili. Mtu yeyote angetarajia betri ipande hadi 78.

Ila kuna jambo moja ambalo halikuulizwa: dumu jipya lilikuja na maji kiasi gani?

Seli mpya hazitoki kiwandani zikiwa zimejaa. Husafirishwa zikiwa na chaji ya wastani, mara nyingi kati ya theluthi na nusu, kwa sababu za usalama na ili zisichakae stoo. Hii ilikuwa na kama ampea-saa 40. Fundi akaifunga vilevile ilivyotoka kwenye boksi, pembeni ya seli tatu zilizokuwa zimejaa pomoni, maana paneli zilikuwa zimechaji asubuhi yote.

Fuata hesabu. Kinyozi anaanza kazi. Vikombe 40 vinachotwa kwenye kila dumu, jipya linakauka, BMS inazima. Zile za zamani zimebaki na karibu nusu. Kesho jua linawaka, kila dumu linamiminiwa vikombe 40. Za zamani zinafurika, BMS inakata chaji. Ile mpya imerudi kwenye 40 zake, na nafasi ya 60 haijaguswa. Keshokutwa vilevile. Betri iliyokuwa ya 52 imekuwa ya 40, na itabaki hapo hata ukichaji mwaka mzima, ikiwa hakuna kitu kingine kinachoingilia kati.

Kinachosumbua zaidi ni kwamba ukitazama betri nzima kwa nje, kila kitu kinaonekana sawa. Wakati wa kukata chaji, seli tatu ziko 3.65 na mpya iko kama 3.35, jumla 14.3. Kontrola ya sola inaona 14.3 na kuona kwamba betri imejaa. Wakati wa kuzima, tatu ziko karibu 3.27 na mpya 2.5, jumla kama 12.3. Mtu aliyezoea betri za asidi anaona 12.3 na kusema betri bado ina nusu, sasa imezimaje? Ikizima ghafla huku volti ya jumla ikiwa juu ya 12, shuku seli moja iliyoachwa nyuma. Betri ya aina hii ambayo seli zake zinakwisha pamoja hushuka karibu na 10 ndipo bodi ikate.

"Lakini tulipima, zilikuwa sawa"

Fundi wake alijitetea hivyo, na hakuwa anadanganya. Alipima kabla ya kufunga, akapata 3.34 kwa za zamani na 3.30 kwa mpya. Tofauti ya volti 0.04 nani angeijali?

Kwa betri ya asidi angekuwa sahihi kiasi, kwa sababu volti yake hushuka taratibu kadiri chaji inavyopungua. Lithiamu ya chuma na fosfeti haiko hivyo. Kuanzia inapokuwa na asilimia 90 hadi inapofika 20, volti yake ikiwa imepumzika inasogea kwa kiasi kidogo sana, chini kidogo na juu kidogo ya 3.3. Ni kama kupima kina cha bahari kwa kuangalia rangi ya maji ukiwa ufukweni. Ile 0.04 aliyoiona ilikuwa tofauti ya ampea-saa nyingi. Volti za seli hizi husema ukweli kwenye ncha mbili tu: karibu na kujaa na karibu na kwisha. Katikati, mita yako hata kama ni ya bei mbaya haina la kukuambia.

Udhaifu huohuo ndio unaoharibu njia nyingine ninayoona ikitumika sana, ya kuunga seli zote sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na kuziacha zilale usiku kucha "zijipange zenyewe." Kinachosukuma umeme kutoka seli moja kwenda nyingine ni tofauti ya volti, na hapa tofauti ni ndogo mno na inazidi kupungua. Asubuhi mita itasoma volti moja kwenye zote, kwa sababu zimeungwa pamoja, hata kama moja bado ina nusu na nyingine imejaa. Njia ya sambamba inafanya kazi pale tu unapozichaji zikiwa hivyohivyo mpaka 3.65, ambapo kila moja inalazimika kujaa.

Je, BMS si ndiyo kazi yake?

Ndiyo, bodi nyingi zina sehemu ya kubalansi. Swali ni kasi yake. Aina ya kawaida hufanya kazi kwa kuchoma: seli iliyotangulia kujaa inapunguzwa chaji kidogo kupitia kipande cha ukinzani, inageuka joto, ili zilizobaki nyuma zipate nafasi ya kuongezwa. Mkondo wake ni mdogo sana, mara nyingi miliampea 30 hadi 100. Na hufanya hivyo tu seli zikiwa karibu na kujaa, yaani muda mfupi wa mchana kabla jua halijapungua.

Chukua bodi ya miliampea 50. Pengo la kinyozi lilikuwa ampea-saa 60. Gawanya: saa 1,200. Ikiwa kila siku betri inakaa kule juu kwa saa mbili, hizo ni siku 600. Zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na hapo nachukulia hakuna wingu wala siku ambayo kinyozi amemaliza chaji yote. Ni sawa na kulijaza dumu kwa kijiko cha chai wakati kila jioni watu wanakuja kuchota.

Sisemi bodi hizo hazina maana. Zimetengenezwa kwa kazi nyingine, ya kushika tofauti ndogo zinazojitokeza polepole kati ya seli zilizoanza pamoja. Tuseme seli kuukuu huvuja yenyewe ampea-saa mbili na nusu kwa mwezi na mpya huvuja moja. Tofauti ni moja na nusu kwa mwezi. Kwa miliampea 50 hizo ni saa 30, saa moja tu kwa siku, na bodi inalimudu hilo. Lililoishinda ni pengo la siku ya kwanza. Zipo bodi za kubalansi zinazohamisha ampea moja mpaka tano kutoka seli hadi seli badala ya kuchoma, na hizo zingeweza kuliziba pengo lile kwa siku kadhaa. Lakini ukishajua shida iko wapi, kuna njia rahisi zaidi.

Tulichofanya

Kabla ya kugusa chochote tulitazama programu ya BMS katika nyakati mbili: betri ikikaribia kukata chaji, na ikikaribia kuzima. Hapa ndipo pa kukaa na kuangalia kwa utulivu, kwa sababu mpangilio wa seli kwenye nyakati hizo unakueleza ugonjwa. Seli inayokuwa ya mwisho kupanda na ya kwanza kushuka haijachakaa, imenyimwa chaji tu. Seli inayokuwa ya kwanza kupanda na tena ya kwanza kushuka ndiyo yenye ujazo mdogo, hiyo imechoka kweli. Ile mpya ilikuwa ya mwisho kupanda na ya kwanza kushuka. Kesi ilikuwa imekwisha hapo.

Kuna mtego mmoja hapa kwa sisi tunaoishi kando ya bahari. Hewa ya chumvi hula viungo. Kipande cha shaba kinachounga seli mbili kikishika kutu, au nati ikilegea, au waya mwembamba wa BMS ukioza kwenye kichwa cha seli, bodi itasoma volti za uongo. Kiungo chenye ukinzani wa miliomu 2 tu kwenye ampea 40 kinakula volti 0.08. Kwenye chaji seli hiyo itaonekana iko juu, kwenye matumizi itaonekana iko chini, sawasawa na seli iliyochoka. Namna ya kuwatofautisha ni mwendo. Kosa la kiungo huonekana papo hapo ukiwasha mzigo na hutoweka papo hapo ukizima. Seli iliyochoka hushuka kwa mwendo wake, na ukizima mzigo hurudi taratibu. Nimeshaona seli nzima zikitupwa kwa sababu ya nati iliyohitaji msasa na spana.

Basi, siku ya kwanza tuliacha paneli zichaji mpaka BMS ikate, ili zile tatu ziwe zimejaa kwa hakika. Siku ya pili tukazima invota, tukatenganisha paneli, tukachukua kifaa cha kuchajia ambacho volti na ampea zake hupangwa kwa mkono. Tukakipanga volti 3.65 na ampea 10 kikiwa bado hakijaunganishwa na kitu, tukahakikisha kwa mita, ndipo tukakiunga kwenye seli mpya peke yake. Mpangilio huo wa kupanga kwanza na kuunga baadaye si wa hiari. Chaja ya volti 12 au ya gari ikiwekwa kwenye seli moja ni kuiua, na inaweza kuvimba na kutoa moshi. Spana nayo tuliizungushia tepu ya umeme hadi karibu na mdomo, maana spana ikidondoka juu ya vichwa viwili vya seli kama hizi inapitisha mkondo wa kuyeyusha chuma.

Tulianza saa tatu asubuhi. Kwa muda mrefu volti haikusogea, ikabaki kwenye 3.35 mpaka mwenye betri akaanza kuniangalia kwa wasiwasi. Mchana ikaanza kupanda, na kama saa kumi ilikuwa imefika 3.65 na ampea zimeshuka karibu na sifuri. Zilikuwa zimeingia ampea-saa 58. Kipimo hicho peke yake kilimsafisha muuzaji: seli feki isingemeza umeme wote huo juu ya ule iliyokuja nao.

Jioni ile betri ilitoa ampea-saa 78 kabla ya kukata, zaidi ya saa tisa kwa mzigo wake wa kama wati 100.

Mbona hazijalingana hata sasa?

Aliponiuliza hivyo siku chache baadaye, alikuwa ametazama simu yake vizuri. Juu zilikuwa zinafika pamoja. Chini, ile ya 78 inakwisha, mpya bado ina 22. Hilo halina tiba. Seli zenye ujazo tofauti unaweza kuzipatanisha kileleni au chini, si kote kuwili. Kwa sola tunachagua kilele, kwa kuwa ndiko betri inakofika kila siku jua likiwaka.

Kwa hiyo zile 22 za ziada amezilipia bila kuzipata. Ndiyo maana huwa nawashauri watu, na wengi wananishangaa, kwamba seli iliyotumika lakini ikapimwa ikakutwa na ampea-saa 80 ingemfaa sawa na mpya ya 100, kwa bei ndogo zaidi. Watu wanaamini mpya itainua za zamani. Haiinui. Za zamani ndizo zinazoamua mwendo, na kwa kuwa zinatumika mpaka mwisho kila siku huku mpya ikifanya kazi bila kumalizwa, ndizo zitakazozidi kuchoka.

Tulichunguza pia kwa nini ile ya 52 ilikufa mapema hivyo. Ilikuwa seli ya mwisho, upande ulioegemea invota, na feni ya invota ilikuwa inaipulizia joto moja kwa moja. Tukaisogeza invota ukutani. Kama tungeiacha pale, mpya ingekaa kwenye kiti kilekile cha moto.

Mara ya mwisho nilipopita dukani kwake aliniuliza kama abadilishe na ile ya 78. Nikamwambia akifanya hivyo atanunua ampea-saa mbili, maana nyuma yake iko ya 80. Akacheka, akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika ubavuni mwa kila seli ujazo wake na tarehe, 78, 80, 81, 100, kisha akarudisha kifuniko na kumwita mteja aliyekuwa anasubiri.